Lopitali imenipa 0, kikokotoo kinakataa. Naomba mnisomee barua kabla sijampelekea mhadhiri

mwana_chumbageni (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza chuo, nimerudi nyumbani Chumbageni kwa likizo ya wiki moja na nimekuja na zigo. Tulirudishiwa zoezi la hesabu. Swali la 4(c) mimi nimepata maksi zote tano. Jirani yangu wa kiti aliandika "haina limiti" akapewa sifuri. Nikawa namcheka, hadi juzi usiku nilipochukua kikokotoo kuhakiki jibu langu. Wakuu, mwenye haki ni yeye. Mimi nimekosea, na majibu ya Dokta ubaoni yamekosea vilevile.

Nimeandika barua. Sitaki ionekane namfundisha kazi mtu aliyesoma miaka yote hiyo, lakini pia sitaki mwenzangu apotezewe maksi tano nikiwa nimenyamaza. Isomeni mseme.

---

YAH: SWALI LA 4(c), ZOEZI LA TATU

Shikamoo Dokta. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Swali lilitaka limiti ya f(x)/g(x) pale x inapokwenda infiniti, ambapo

```
f(x) = x + sin x cos x
g(x) = e^(sin x) · (x + sin x cos x)
```

Zote mbili zinakwenda infiniti. f ni x pamoja na kitu kisichozidi nusu, na e^(sin x) haishuki chini ya 1/e, kwa hiyo g nayo haina pa kuishia. Tukatumia kanuni ya L'Hôpital kama ubaoni:

```
f'(x) = 2cos²x
g'(x) = e^(sin x) · cos x · (x + sin x cos x + 2cos x)
```

Kosaini moja ya kwenye kiasi tuliikata na ile ya kwenye asili, ikabaki

```
2cos x · e^(-sin x) / (x + sin x cos x + 2cos x)
```

Juu haizidi 5.44, chini inakua bila mwisho, jibu 0. Ndivyo nilivyoandika na nikapata maksi zote.

Lakini Dokta, tukirudi kwenye swali lenyewe kabla ya kudiferenshieti chochote, mabano ya juu na ya chini ni yaleyale. Yakikatana, f/g ni e^(-sin x) basi. Hiyo inapanda hadi 2.718 na kushuka hadi 0.368, kila mzunguko, milele. Haiendi 0 wala popote. Nimepima sehemu tatu kwa radiani:

```
x      f/g      f'/g'
100    1.659    0.0283
102    0.370    0.0007
105    2.639   -0.0121
```

Naona sababu ni kwamba kanuni inataka g' isiwe sifuri kuanzia mahali fulani na kuendelea. Hapa g' inakuwa sifuri kila kosaini inapokuwa sifuri, mara zisizo na idadi. Tulipoikata kosaini tuliifuta alama iliyokuwa inatuonya. Kwa hiyo kanuni imekosea, na jibu sahihi ni kwamba limiti haipo.

Naomba ulitazame upya, hasa kwa walioandika jibu hilo.

Wako mtiifu katika masomo.

---

Mwisho wa barua. Semeni.

Dulla_Barabara8

Barua nzuri ila namba zako sizielewi. Mimi nimeweka e^(-sin x) kwenye kikokotoo changu: 100 inanipa 0.374, 102 inanipa 0.376, 105 inanipa 0.381. Mbona inatulia tu hapo kwenye 0.37, 0.38? Usijeukaenda kwa mhadhiri na namba za kubuni, kaka. Utaaibisha Tanga nzima.

BintiPangani

Dulla, kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Kutoka digrii 100 hadi 105 ni hatua ndogo mno, umesimama karibu palepale juu ya wimbi unasema bahari imetulia. Badilisha kiwe radiani urudi.

Dulla_Barabara8

1.659. Samahanini wakuu. Naufunga mdomo kwa muda.

fomusiksi_mkoani

Mimi hii ilinikuta kabisa! Kwenye mtihani wa majaribio waliuliza limiti ya (x² + 1)/(x + 1) pale x inapokwenda 2. Nikadiferenshieti juu na chini nikapata 2x/1, nikaweka 2, jibu 4. Wakasema ni 5/3. Kumbe Lopitali ina matatizo tangu zamani, asante kwa kunithibitishia. Nitampelekea mwalimu wangu hii nyuzi anirudishie maksi zangu.

MzeeChaki

Hodi humu. Nilishika chaki miaka 31 na sasa nakaa Raskazone natazama meli, basi nina muda.

Fomu siksi, usimpelekee mwalimu wako kitu mwanangu, utapigwa na butwaa. Lako ni ugonjwa mwingine. Ukiweka 2 kwenye swali lako unapata 5 juu na 3 chini. Hapo hapakuwa na sifuri juu ya sifuri wala infiniti juu ya infiniti, kwa hiyo hukuwa na ruhusa hata ya kuitaja hiyo kanuni. Ulitakiwa kuweka namba tu na kwenda nyumbani. La huyu kijana wa Chumbageni ni gumu zaidi kwa sababu mlango wa kwanza amepita kihalali. Ni infiniti juu ya infiniti kweli, na uwiano wa derivativu una limiti, angalau kwa macho. Ndiyo maana hata mhadhiri kateleza. Wengi wangeteleza.

Sasa mwenye barua. Neno moja kwanza halafu nitarudi baada ya Isha. Umeandika "kanuni imekosea". Futa. Kanuni haijakosea, imetumika mahali ambapo yenyewe ilishakataa kwenda. Ukiandika ilivyo sasa, Dokta atasimama kwenye sentensi hiyo na hatasoma ya mbele.

mwana_chumbageni

Shikamoo mzee. Nimeifuta. Nakusubiri.

MzeeChaki

Marahaba.

mtata_wa_hoja

Naona mnazunguka. Sababu ni rahisi zaidi. Kanuni inasema limiti ya f'/g' iwepo. Haipo. Kwa nini haipo? Kwa sababu pale kosaini inapokuwa sifuri, f'/g' ni sifuri juu ya sifuri, haina thamani. Kitu kisicho na thamani sehemu zisizo na idadi hakiwezi kuwa na limiti. Sharti limevunjika, kesi imefungwa. Hayo ya "g' isiwe sifuri" ni kurudia jambo lilelile kwa maneno mengine.

mwana_chumbageni

Nilifikiria hivyo pia, lakini Dokta atanijibu kwamba baada ya kukata kosaini hakuna tena tundu. Kile kilichobaki kina thamani kila mahali x ikiwa kubwa, na kinakwenda 0 bila ubishi. Tunakata vigawo kila siku. (x² − 1)/(x − 1) ina tundu kwenye 1 na hakuna anayesema haina limiti.

mtata_wa_hoja

Hiyo ina tundu moja, na liko palepale unapoelekea. Hapa matundu yako njiani, na hayaishi. Si sawa.

MzeeChaki

Mtata, umeshika nusu ya kweli. Inategemea kitabu chako kinasemaje kuhusu limiti. Kama kinadai kwamba uwiano uwe na thamani kwa kila x iliyo kubwa vya kutosha, basi wewe uko sahihi na kesi umeifunga. Kama kinaridhika kuangalia zile x ambazo uwiano una thamani, basi limiti ipo na ni 0, na sharti lililovunjika ni la g'. Vitabu vyote viwili vipo mezani kwa watu. Lakini jibu lako, hata likiwa sahihi, halituambii kwa nini 0 ilikuwa uongo. Linatuambia tu kwamba askari hakutakiwa kuturuhusu kupita. Mimi nataka kujua huko ndani kulikuwa na nini.

mtata_wa_hoja

Sikubali, lakini endelea.

BintiPangani

Ngoja nijaribu kabla mzee hajarudi, maana kwetu mfano wake unaonekana kwa macho.

Kivuko chetu kinatoka Pangani mjini kwenda Bweni ng'ambo, kinarudi, kinakwenda, siku nzima. Sasa mchukue konokono, naye aondoke asubuhi akipanda barabara. Saa yoyote ukipima kasi ya konokono ukagawa kwa kasi ya kivuko, unapata kitu karibu na sifuri. Derivativu ni kasi, si ndiyo? Kwa hiyo uwiano wa kasi unasema konokono si lolote. Lakini jioni uliza kila mmoja yuko umbali gani kutoka alipoanzia. Kivuko kimerudi Pangani kimefungwa kamba palepale. Konokono yuko mbele yake.

Uwiano wa kasi unakuambia uwiano wa umbali pale tu ambapo hakuna anayegeuza.

Dulla_Barabara8

Kwa hiyo hiyo g ni waja leo waondoka leo. Sasa nimeelewa bila hata kikokotoo.

MzeeChaki

Binti, huo mfano ningeupata nikiwa kazini ningeutumia kila mwaka. Kasoro yake moja ni kwamba g hairudi ilikoanzia kabisa. Inasogea mbele kwa jumla, ila kwa kuyumba kunakozidi kuwa kukubwa. Basi tuihesabu, maana namba zake ni tamu.

Ukiwa karibu na x = 102.10, saini imefika 1 na g imefika kileleni: 102.10 mara e, kama 277.5. Kisha inaporomoka. Kwenye x = 105.24 saini ni −1 na g iko bondeni, 38.7 tu. Kisha inapanda tena hadi kilele kingine kwenye 108.39, ambapo ni 294.6.

Katika safari hiyo yote f imefanya nini? Imetoka 102.10 hadi 108.39. Imeongeza 6.28, taratibu, bila kurudi nyuma hata mara moja.

Na g? Imeshuka 238.8, ikapanda 255.9. Ukisoma geji ya mwendo, imetembea 494.7. Gawa 6.28 kwa 494.7 unapata 0.013, na kadiri x inavyokua namba hiyo itazidi kusinyaa. Hiyo ndiyo sifuri ambayo kanuni iliwapa. Kanuni ilisoma geji. Lakini ukiuliza g imesogea kiasi gani kweli kutoka kilele hadi kilele, ni 17.1 tu. Gawa 6.28 kwa 17.1: 0.37. Hiyo ndiyo thamani halisi ya f/g kileleni, na haisinyai hata ukienda x ya milioni.

Kwa hiyo tatizo ni kwamba g inafuta kazi yake yenyewe. Ikiwa asili inapanda tu, mabadiliko yote yanajumlika upande mmoja na hakuna kinachofutwa, hivyo uwiano wa mabadiliko madogo mwishowe unautawala uwiano wa jumla. Asili ikigeuzageuza, huo uhusiano hakuna.

mwana_chumbageni

Mzee, hapa nimeduwaa. Lakini uthibitisho tuliopewa darasani ulipita kwenye teoremu ya Cauchy, kwamba kati ya sehemu mbili kuna c ambapo uwiano wa mabadiliko ni f'(c)/g'(c). Kati ya kilele na kilele uwiano ni 0.37, na tumesema f'/g' ni ndogo kila mahali. Hiyo c iko wapi?

MzeeChaki

Swali zuri kuliko barua yako yote. Teoremu ya Cauchy kwa ukamilifu wake haina sehemu, ina kuzidisha:

```
[f(b) - f(a)] · g'(c) = [g(b) - g(a)] · f'(c)
```

Weka vilele vyetu viwili: 6.28 · g'(c) = 17.1 · f'(c). Teoremu inaapa kwamba c ipo, na ipo kweli. Iko bondeni, kwenye 105.24. Nenda kaangalie pale: kosaini ni sifuri, hivyo g'(c) ni 0 na f'(c) ni 0. Mlinganyo unasema 0 = 0. Ahadi imetimizwa na hukuambiwa kitu. Na hakuna c nyingine katikati, kwa sababu penginepo pote f'/g' ni ndogo mno kufika 0.37.

Sharti la g' kutokuwa sifuri liliwekwa kuzuia hilo hasa. Pasipo na sifuri kwenye g' unaweza kugawa, na c inakuambia kitu.

BintiPangani

Mzee, subiri kidogo. f' nayo ni 2cos²x. Nayo inakuwa sifuri palepale mara zisizo na idadi, na umesema f inakwenda mbele tu bila kurudi. Kwa hiyo kuwa sifuri si dhambi yenyewe?

MzeeChaki

Umenikamata mahali nilipokuwa nakwenda. Si dhambi yenyewe. 2cos²x inagusa sifuri na kurudi juu. Gari linasimama kituoni halafu linaendelea mbele. g' ina cos x moja tupu, na hiyo inapita sifuri ikaenda hasi, gari linageuza. Kinachoua ni kubadilisha alama mara zisizo na mwisho.

Ukitaka kujaribu, acha f ileile na uchukue asili hii:

```
g(x) = x²/2 + (x sin 2x)/2 + (cos 2x)/4
g'(x) = 2x cos²x
```

Derivativu yake ni sifuri mara zisizo na idadi kama ya kwenu. Kwa herufi za sheria, umevunja sharti. Lakini kata cos²x, unabaki na 1/x, inakwenda 0, na f/g yenyewe inakwenda 0 kweli. Kwenye 100 ni 0.0201. Hakuna aliyeumia, kwa sababu kigawo ulichokata hakikuwa kinabadilisha alama na g haikugeuza.

Hili si langu. Mfano wa zoezi lenu unajulikana kwa jina la Otto Stolz, Mwaustria, aliyeutoa 1879. Mwaka 1986 Mmarekani Ralph Boas aliandika kurasa mbili tu akionyesha kwamba kiini ni kukata kigawo kinachobadilisha alama bila kukoma. Tena mwambie Dokta wako, kwa adabu, kwamba kanuni yenyewe ilizaliwa kwenye barua: Johann Bernoulli alimwandikia L'Hôpital mwaka 1694 akiwa analipwa naye, na L'Hôpital akaichapa Paris 1696. Basi barua si njia ngeni.

mtata_wa_hoja

Huo mfano wa mwisho unanipa nguvu mimi. Kwa kitabu changu limiti ya f'/g' hapo pia haipo, kanuni haitumiki, na jibu 0 limetoka kwa njia nyingine. Sijashindwa.

MzeeChaki

Hujashindwa. Ila kitabu chako kinakunyima chombo kinachofanya kazi.

fomusiksi_mkoani

Sasa sisi tutajuaje kwenye mtihani? Hakuna mtu aliyewahi kuniambia niangalie g'. Na nimeshatumia hii kanuni mara mia.

mwana_chumbageni

Nimeliwaza hilo usiku kucha. Nadhani ni kwa sababu asili tunazopewa ni polinomia, e^x au logi. Derivativu ya polinomia ina sifuri chache, zikiisha zimeisha, na ukienda mbali inashika upande mmoja. Sharti linatimia lenyewe bila mtu kulitazama, ndiyo maana hata kwenye daftari langu halimo. Saini na kosaini zikiingia kwenye asili na x inakwenda infiniti, hapo ndipo pa kusimama. Au x inakwenda 0 na kuna sin(1/x), ni ugonjwa uleule umevaa kanzu nyingine.

Mimi sasa kabla ya kukata kigawo chochote najiuliza kama kinageuza alama huko mbele. Halafu naweka namba mbili tatu kubwa kwenye swali la asili. Dakika moja.

Dulla_Barabara8

Kwa radiani.

BintiPangani

Turudi kwenye barua maana kaka anaondoka kesho kutwa. "Husika na kichwa cha habari" ni ya kuombea ruhusa ya kwenda msibani, lakini iache, kizuri hakikosi kasoro. Ninachokipinga ni ule mwisho kuhusu "walioandika jibu hilo". Sema waziwazi kwamba wewe ulipewa maksi tano usizostahili. Ukianza na kosa lako, hana pa kukasirikia.

MzeeChaki

Binti kasema. Na usimwambie "majibu yako yamekosea". Sema "tulikata".

mwana_chumbageni

Nimeandika upya sehemu ya katikati. Iko hivi:

"Dokta, katika swali hili mimi nilipewa maksi tano kwa jibu la 0, na sasa naona sikustahili. Nilipokata cos x nilikata kigawo kinachobadilisha alama kila baada ya π. Kwa sababu hiyo g haipandi moja kwa moja: kati ya x = 102.1 na 105.2 inashuka kutoka 277.5 hadi 38.7, kisha inapanda tena, wakati f inaongezeka polepole tu. Uwiano wa derivativu ulipima mwendo wote wa g pamoja na ule inaoufuta yenyewe, ndiyo maana ukatoa 0. Uwiano wa f na g wenyewe ni e^(-sin x) na hauna limiti. Sharti la kanuni kwamba g' isiwe sifuri huko mbele sikulikagua."

mtata_wa_hoja

Ongeza "na kwa maana hiyo limiti ya f'/g' haipo".

mwana_chumbageni

Siongezi 😂

---

mwana_chumbageni (baada ya siku sita)

Wakuu, mrejesho. Nilimpelekea Jumatatu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaigeuza akaangalia nyuma kama kuna kitu, akaisoma tena. Hakusema nimepatia. Alisema, "Na kama si e? Nitengenezee mwingine usio na e, uniletee Alhamisi." Maksi za mwenzangu hazijarudi bado, na zangu hazijakatwa.

Nilidhani e ndiyo yenye uchawi. Kumbe haina. Nimeweka 2 + sin x mahali pake, kitu chochote kinachoyumba bila kufika sifuri:

```
g(x) = (2 + sin x)(x + sin x cos x)
g'(x) = cos x · (x + sin x cos x + 4cos x + 2 sin x cos x)
```

Kosaini ileile imejitokeza mbele tayari kukatwa. Ukiikata, f'/g' inakwenda 0. Na f/g ni 1/(2 + sin x), inayumba kati ya theluthi na moja. Mzee, nihakikie g' tafadhali, sitaki kwenda Alhamisi na kosa.

MzeeChaki

Nimeihakiki kwa kalamu. Iko sawa. Nenda.

Dulla_Barabara8

Nimepima. 100 ni 0.670, 102 ni 0.334, 105 ni 0.971. Haitulii. Na kabla hamjauliza: radiani.